Mkopo wa benki: piga hesabu ya afisa mikopo kabla hujapeleka ombi

Mwombaji anaomba milioni tano, majibu yanarudi milioni mbili na ushee. Theluthi yake, yaani sehemu ya mshahara wa msingi inayotakiwa kubaki baada ya makato, inatosha, hajawahi kuchelewesha deni, na mwenzake wa mshahara uleule alipitishwa bila shida. Wanaokwama hapa karibu wote wamepiga hesabu ya theluthi peke yake. Benki inapiga hesabu mbili, kisha inafuata ile iliyotoa jibu dogo.

Mwongozo huu unafuata hesabu zote mbili kwa mfano mmoja. Mwombaji ni muuguzi wa serikali, Tabora mjini, anayejenga Ipuli. Kuta zimesimama, anataka 5,000,000 za kupaua, alipe kwa miezi 36. Mshahara wake wa msingi ni 900,000. Muuguzi huyu ni wa kutungwa, lakini viwango vya kodi na michango ni halisi, kwa hiyo unaweza kuweka tarakimu zako mahali pa zake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Slipu za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Slipu moja haitoshi, kwa sababu haionyeshi kipi hujirudia kila mwezi na kipi kilikuja mara moja.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita, pamoja na taarifa ya miamala ya simu.
- Salio la kila deni, rejesho lake na tarehe ya mwisho. Bodi ya Mikopo (HESLB) na saccos zimo.
- Ripoti yako ya taarifa za mikopo. Tanzania kampuni zinazozitunza ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, na una haki ya kuomba ripoti yako mwenyewe.
- Kikokotoo, au simu yenye programu ya jedwali.

## Hatua ya 1: Tenga kipato kinachohesabika

Anza na mshahara wa msingi. Posho za zamu, za saa za ziada na za semina ziweke pembeni kwanza, hata kama ndizo zinazokulisha.

Benki inakopesha juu ya fedha itakayokuja kila mwezi kwa muda wote wa mkopo. Posho ya kuitwa kazini usiku inaweza kukoma siku unapohamishiwa Sikonge au ukibadilishiwa wodi, lakini rejesho halitahama wala kupungua. Baadhi ya benki huhesabu nusu ya posho iliyoonekana miezi mitatu mfululizo, nyingine haziihesabu kabisa. Muulize afisa mapema. Ukikosa jibu, hesabu sifuri.

Kwa muuguzi wetu kipato kinachohesabika ni 900,000.

## Hatua ya 2: Ondoa makato ya lazima

Kwenye slipu yake yanaonekana hivi:

- PSSSF, asilimia 5: 45,000
- PAYE: 91,750
- NHIF, asilimia 3: 27,000
- Chama cha wafanyakazi, asilimia 2: 18,000

PAYE ndiyo inayowachanganya wengi. Haikatwi kwenye 900,000 nzima. Mchango wa PSSSF unatoka kwanza, inabaki 855,000, na kodi inakokotolewa hapo. Kwa ngazi hiyo kodi ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kile kinachozidi 760,000, yaani 23,750.

Jumla ya makato hayo ni 181,750. Kinachobaki ni 718,250, na tutakirudia mara kadhaa.

HESLB hatujaitoa. Makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwake 135,000. Yanakatwa kwa nguvu ya sheria kama kodi, lakini kwa asili ni deni: lina salio, na siku moja litaisha. Benki hazikubaliani liwekwe upande gani, na tofauti hiyo utaiona katika hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Pima theluthi

Kwa mtumishi wa umma, makato yote yakishatoka ni lazima theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki. Hapa kuna kosa linalojirudia kila wiki kwenye madawati ya mikopo: mtu anasema "nina haki ya kukatwa theluthi". Sivyo. Theluthi ni ya kubaki. Ukiielewa kinyume, hesabu yako yote inapinduka.

Theluthi ya 900,000 ni 300,000. Muuguzi anaanza na 718,250, anatoa HESLB 135,000, kisha rejesho la saccos linalokatwa kwenye slipu, 96,000, ambalo limebakiza miezi kumi. Anabaki na 487,250. Ukitoa theluthi ya 300,000, nafasi yake ni 187,250.

Milioni tano kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, ina rejesho la 175,785. Linaingia kwenye 187,250, na bado kuna 11,465 za ziada. Kwa hesabu hii mkopo umepita, na hapa ndipo waombaji wengi wanapofunga daftari na kwenda kujaza fomu.

Lakini theluthi ni ukuta wa kisheria tu. Inaangalia slipu peke yake, na slipu haijui kila unachodaiwa.

## Hatua ya 4: Andika madeni yote, hata yasiyo kwenye slipu

Chukua karatasi. Andika kila mtu na kila taasisi unayoilipa, kisha geuza kila rejesho liwe la mwezi.

Muuguzi ana mkopo wa kikundi anaolipa 12,000 kila Jumatano. Mwenyewe anauhesabu 48,000 kwa mwezi, yaani mara nne. Mwaka una wiki 52, si 48. Hesabu sahihi ni 12,000 mara 52, gawa kwa 12: 52,000. Ukizidisha mara nne, wiki nne za mwaka zinapotea, na afisa mikopo hazipotezi.

Mikopo ya kila siku, kama ya simu au bodaboda, zidisha mara 30. Zile kausha damu za mtaani pia ziandike. Huenda hazimo kwenye ripoti ya taarifa za mikopo, lakini kwenye taarifa ya miamala zinaonekana wazi: kiasi kilekile, kwenda namba ileile, kila Jumatatu. Afisa anayeisoma kwa makini atauliza, na jibu la kubabaika linaharibu zaidi kuliko deni lenyewe. Mchezo wa kupeana nao anaweza kuuliza. Hauna riba, lakini ni fedha iliyokwisha kuahidiwa.

Sasa fungua ripoti yako na uisome mstari kwa mstari. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni mkopo uliokwisha kulipwa ambao bado unaonekana hai. Hutokea pale mkopeshaji anaposahau kusasisha taarifa. Rudi kwake, omba barua ya kumaliza deni, mtake apeleke taarifa sahihi. Benki unayoomba mkopo haiwezi kufuta kilichowekwa na mwingine, kwa hiyo kugombana kwenye dirisha lao ni kazi bure.

La pili ni vimkopo vya simu. Elfu ishirini iliyosahaulika kwenye laini isiyotumika inaweza kukaa kama deni lililochelewa kwa miezi. Kiasi ni kidogo mno kuathiri uwiano, lakini alama ya kuchelewa inasomwa kama tabia.

La tatu ni udhamini. Kama ulimdhamini mwenzako saccos, na yeye ameacha kulipa, jua kwamba rejesho lake linaweza kukugeukia.

Kwa muuguzi wetu madeni ya mwezi ni HESLB 135,000, saccos 96,000, na kikundi 52,000. Jumla 283,000.

## Hatua ya 5: Tafuta uwiano wa deni kwa kipato

Hii ndiyo hesabu ya pili, ile isiyoonekana kwenye slipu.

```
uwiano = marejesho yote ya mwezi / kipato cha mwezi x 100
```

Juu unaweka marejesho yote, pamoja na hilo jipya unaloomba. Chini unaweka kipato. Swali la kumuuliza afisa ni moja tu: "Chini mnaweka mshahara ghafi, au baada ya makato ya lazima?" Asilimia 40 ya ghafi na asilimia 40 ya kinachobaki ni vitu viwili tofauti kabisa, na kila benki ina kikomo chake. Kwa mfano huu tuchukue benki inayotumia kipato baada ya makato ya lazima, na kikomo chake ni asilimia 50.

Leo, kabla ya mkopo mpya, uwiano wa muuguzi ni 283,000 gawa kwa 718,250, yaani asilimia 39.4.

Akiongeza rejesho la 175,785, madeni yanafika 458,785, na uwiano unapanda hadi asilimia 63.9. Amevuka kikomo kwa mbali.

Theluthi ilimpitisha, uwiano umemkataa. Yote mawili ni kweli, na hakuna aliyemwonea. Tazama fedha yenyewe: baada ya rejesho jipya slipu ingebakiza 311,465, kisha kikundi kinachukua 52,000. Anabaki na 259,465 kwa chakula, nauli, ada na kuni za mwezi mzima. Mtoto akiugua mara moja tu, rejesho la kikundi linakosekana.

Ili kujua rejesho gani lingepita, geuza hesabu. Nusu ya 718,250 ni 359,125. Toa madeni 283,000. Inabaki 76,125. Hilo ndilo rejesho kubwa kabisa analoweza kupitishiwa, kwa sababu ni dogo kuliko 187,250 ya theluthi.

Sasa turudi kwa HESLB. Benki nyingine ingeitoa 135,000 pamoja na makato ya lazima, chini ikabaki 583,250, na juu yakabaki madeni ya 148,000 tu. Nusu ya 583,250 ni 291,625, ukitoa 148,000 unapata 143,625. Mtu yuleyule na kikomo kilekile cha asilimia 50, lakini nafasi imekaribia mara mbili. Ukisikia mwenzako wa mshahara uleule kapitishwa kikubwa benki nyingine, anza kwa kuuliza swali hili kabla ya kudhani kuna upendeleo.

Utajua umefika ukiwa na namba mbili zilizoandikwa pembeni mwa daftari, nafasi ya theluthi na nafasi ya uwiano, na iliyo ndogo umeizungushia duara.

## Hatua ya 6: Geuza rejesho liwe mkopo

Watu huzidisha rejesho kwa idadi ya miezi: 76,125 mara 36, wakapata 2,740,500. Hiyo ndiyo jumla utakayolipa, na riba imo ndani yake. Mkopo wenyewe ni mdogo zaidi. Kwenye programu ya jedwali andika:

```
=PV(0.16/12, 36, -76125)
```

Jibu ni karibu 2,165,000. Hii ndiyo "milioni mbili na ushee" iliyomshangaza mwombaji. Huna programu? Kumbuka kwamba kwa asilimia 16 na miezi 36, kila milioni moja ina rejesho la 35,157. Kwa miezi 60 ni 24,318. Gawa rejesho lako kwa namba hiyo, utapata idadi ya milioni.

Onyo kuhusu riba. Asilimia 16 ya kwenye salio linalopungua si sawa na asilimia 16 inayotozwa kwenye mkopo wote mwaka hadi mwaka. Kwa njia ya pili, milioni moja kwa miaka mitatu inabeba riba ya 480,000, na rejesho linakuwa 41,111 badala ya 35,157. Wakopeshaji wadogo hupenda kutaja asilimia bila kutaja njia. Usilinganishe asilimia, linganisha rejesho la milioni moja kwa muda uleule.

Pia ada na bima ya mkopo hukatwa kabla fedha haijaingia kwenye akaunti. Zikiwa asilimia 2 kwa pamoja, anayekopa milioni tano anapokea 4,900,000 lakini analipia riba ya milioni tano. Kama fundi na bati vinahitaji tano kamili, hesabu upya kabla hujasaini.

## Hatua ya 7: Rekebisha hesabu, kisha uombe

Muuguzi bado anataka milioni tano, na njia zipo mbili.

Njia ya kwanza ni kumaliza deni la kikundi kabla ya kuomba. Deni hili lina salio dogo lakini linakula 52,000 kila mwezi. Likiondoka, nafasi inapanda kutoka 76,125 hadi 128,125. Kwa miezi 36 haitoshi, inatoa kama 3,644,000. Kwa miezi 60 milioni tano ina rejesho la 121,590, na linaingia. Gharama yake ni riba ya 2,295,400 kwa muda wote.

Katika kupunguza madeni, wengi hukimbilia kulipa deni lenye salio kubwa. Kwa ajili ya uwiano, lipa kwanza lile ambalo rejesho lake ni kubwa likilinganishwa na salio lililobaki. Deni la 150,000 linalokukata 52,000 kwa mwezi linafungua nafasi kuliko kupunguza 150,000 kwenye deni la milioni tatu, kwa sababu lile kubwa litaendelea na rejesho lilelile.

Njia ya pili ni kusubiri miezi kumi saccos iishe, huku kikundi nacho kikimalizwa. Deni linabaki la HESLB tu. Nafasi ya uwiano inakuwa 224,125, ya theluthi 283,250. Milioni tano kwa miezi 36 inapita bila kubana, na riba ni 1,328,260. Kusubiri kunamwokolea karibu 967,000. Kama kuta zimejengwa kwa tofali za kuchoma, zinaweza kuvumilia miezi kumi bila paa. Kama ni za udongo na masika yanakuja, hesabu ya njia ya kwanza inaweza kuwa nafuu kuliko kujenga ukuta upya. Hilo analijua mwenye nyumba.

Ipo na njia ambayo benki itaipendekeza yenyewe: kununua madeni yako ya nje na kuyaweka kwenye mkopo mmoja mrefu. Uwiano unashuka kweli. Lakini saccos iliyobakiza miezi kumi inageuka kuwa deni la miaka mitano. Kubali tu kama umeona kwa macho jumla ya riba ya pande zote mbili.

Angalia na umri. Kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60, na benki haitaki mkopo wa mshahara uvuke hapo. Mwenye miaka 57 haipati miezi 60 hata kama uwiano wake ni safi, na kwa muda mfupi rejesho linapanda.

Usiombe benki tatu kwa wakati mmoja ukitarajia moja ilegee. Kila moja itakagua ripoti yako, na ukaguzi mwingi ndani ya wiki moja unasomeka kama mtu aliyebanwa.

## Kama huna slipu

Kwa mfanyabiashara hesabu ya madeni ni ileile. Kinachobadilika ni kipato, kwa sababu inabidi kitafutwe.

Muuza mchele wa soko kuu anaonyesha taarifa ya simu yenye 8,000,000 zilizoingia kwa mwezi na anasema hicho ndicho kipato chake. Afisa ataanza kukata. Kwanza anatoa fedha uliyojihamishia kutoka laini yako moja kwenda nyingine, kwa kuwa inahesabika mara mbili. Tuseme inabaki 7,200,000. Anatoa gharama ya kununua mchele, usafiri, ushuru na pango, 6,500,000. Faida ni 700,000. Anatoa matumizi ya nyumbani, tuseme 300,000. Kilichobaki, 400,000, ndicho kinachopimwa na rejesho, na benki haitachukua chote, kwa kuwa mwezi mbaya wa biashara hauna slipu. Ukiwa na daftari la manunuzi, gharama zitahesabiwa kwa ushahidi. Usipokuwa nalo, afisa atakadiria, na makadirio yake huwa ya tahadhari.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo ana jambo jingine: kipato chake huja msimu wa soko, baada ya deni la pembejeo kukatwa kupitia AMCOS. Kugawa mapato ya msimu kwa miezi 12 kunampa uwiano mzuri kwenye karatasi, lakini Januari hana cha kulipa. Anachopaswa kuomba ni ratiba ya marejesho inayoangukia msimu wa soko. Benki isiyotoa ratiba hiyo haimfai, hata kama riba yake ni ndogo.

## Majibu yakitoka

Omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa kabla ya kusaini. Rejesho la kwanza lilingane na ulilokokotoa, tofauti isizidi shilingi mia chache. Ikizidi hapo, ama riba inatozwa kwa njia nyingine, ama ada imeongezwa ndani ya mkopo. Mwambie afisa akuonyeshe ni mstari gani.

Kisha slipu ya mwezi unaofuata iangalie kato lilivyoingia. Likichelewa mwezi mmoja, fedha yake itakaa mkononi mwako kana kwamba ni ya ziada. Usiiguse. Benki itaidai pamoja na ya mwezi unaofuata.